Mpango wa mawasiliano wa mradi wa maji umerudishwa: wadau 31, nani apewe nini na lini?

#1 Kalamu ya Bluu

Wakuu, habari za kazi. Nina mradi wa maji ya bomba, vijiji vitatu huku Nyanda za Juu Kusini. Chanzo ni chemchemi, bomba kuu kilomita 18, tenki la mita za ujazo 150, vituo vya kuchotea 22. Mkataba ni wa miezi 10, kwa masharti ya ujenzi ya FIDIC, kitabu chekundu cha 1999.

Nimeambiwa niandae mpango wa mawasiliano na wadau. Nimetengeneza jedwali la safu nne: mdau, taarifa anayohitaji, mara ngapi, njia. Wadau wapo 31, kuanzia Mkuu wa Wilaya mpaka wenyeviti wa vitongoji. Karibu kila mstari unasema "maendeleo ya mradi", "kila mwezi", "barua/mkutano/WhatsApp".

Mhandisi mshauri kalirudisha, pembeni kaandika: "Haitekelezeki. Rudia." Hakuna maelezo mengine. Kosa liko wapi?

#2 Msomi wa Mtandaoni

Mkuu, kosa liko kwenye idadi. Watu 31 ukitumia n(n−1)/2 unapata njia 465 za mawasiliano. Hakuna binadamu anayezisimamia hizo. Punguza wabaki 10.

Kisha uwapange kwenye gridi ya nguvu na maslahi. Wenye nguvu kubwa wape taarifa kila wiki, wenye nguvu ndogo wape kwa miezi mitatu mara moja. Mkulima wa kijijini hana nguvu ya kusimamisha mradi, usimjazie jedwali.

#3 Kapu la Mama

Umesahau mambo ya msingi ndugu. Weka fulana na kofia zenye nembo, bango kubwa barabarani, kipindi cha redio jamii mara mbili kwa mwezi, na mpiga picha. Hapo mradi utajulikana mpaka mkoani.

#4 Jicho la Tai

Dada Kapu, fulana hizo ndizo zitachimba mtaro? Jamaa kauliza nani aambiwe nini, hajauliza namna ya kutangaza harusi.

#5 Chemchemi Baridi

Namba 2, kabla watu hawajaondoka na hesabu yako: hiyo njia 465 ni pale ambapo kila mtu anaongea na kila mtu. Mpango wa mawasiliano unaandikwa ili jambo hilo lisitokee. Wadau 31 si wengi kama mwenyekiti wa kitongoji anapata jumbe nne tu kwa mradi mzima.

Na hilo la mkulima kutokuwa na nguvu lina walakini mkubwa. Mwenye shamba ambaye bomba linapita kwake akikaa na jembe juu ya mstari wa chokaa asubuhi moja, mtambo unasimama siku nzima na mkandarasi anaandika barua ya kudai muda. Kwenye gridi yako mtu huyo yupo chini kabisa. Kwenye mradi wa bomba ndiye wa kwanza kufikiriwa.

Kalamu ya Bluu, mimi naona jedwali lako limerudishwa kwa sababu halisemi mtu afanye nini akishapata taarifa. "Maendeleo ya mradi" kwa mwenyekiti wa kitongoji maana yake nini? Anza na tukio, halafu rudi nyuma. Chukua mtaro kuingia shamba la mtu. Kabla haujaingia, mambo mawili lazima yawe yamefanyika: mazao yaliyo kwenye njia ya bomba yamevunwa au yameorodheshwa kwa fidia, na mtu mwenye mamlaka juu ya shamba ameridhia.

Hapo utagundua shamba moja lina wapokeaji wawili. Mwenye shamba anaweza kuwa anaishi Dar es Salaam, anayelima ni mpangaji wa msimu. Habari ya ardhi na ridhaa inamhusu mwenye shamba, kwa barua ya kusaini. Habari ya "vuna mapema" inamhusu anayelima, tena kwa mdomo na kwa simu yake mwenyewe. Ukituma zote mbili kwa namba moja, mahindi yatafukiwa na mtaro huku mwenye shamba akiwa ameshasaini kila kitu. Mazao ni ya mpangaji, na yeye hakuambiwa.

#6 Fundi Sanifu

Naunga mkono #5, naongezea la safu ya "mara ngapi". Kwenye bomba, kalenda inadanganya.

Gengi lenye mtambo mmoja, udongo wa kawaida, linafungua na kufukia mita 250 kwa siku. Ukitaka mkulima apate siku 10 za kujiandaa, ujumbe unatakiwa uutangulie mtaro kwa kilomita 2.5. Shamba lililopo 6+400, yaani kilomita 6 na mita 400, linapewa ujumbe mtaro ukifika 3+900. Hapo hujataja tarehe. Mtambo ukiharibika wiki mbili kusubiri pampu ya haidroliki, ujumbe nao unasubiri. Kama uliandika "tarehe 5 kila mwezi" au "tarehe 14 Juni", utakuwa umewavunisha watu mahindi mabichi kwa mtaro ambao haupo.

Kwa hiyo kwenye safu ya mara ngapi andika "mtaro ukibakisha km 2.5". Anayetuma ni karani wa eneo la kazi, maana ndiye anayeandika kilomita ya siku kwenye shajara ya kazi kila jioni.

#7 Nyundo Tatu

Fundi, hiyo km 2.5 yako itakuumbua ukikuta mwamba. Gengi likishuka mpaka mita 60 kwa siku, kilomita 2.5 ni zaidi ya siku 40. Mkulima uliyemwambia siku 10 atakaa mwezi mzima na shamba tupu, na kitongoji kizima kitaacha kuamini ujumbe unaofuata.

Afadhali wastani wa wiki iliyopita uzidishwe mara 10, kila Jumatatu. Mita 250 inakupa kilomita 2.5, mita 60 inakupa mita 600. Ni hesabu ya dakika tano.

#8 Fundi Sanifu

Dakika tano zako kwenye karatasi. Karani atafanya Jumatatu mbili, ya tatu atasahau. Bora usitaje siku kabisa, taja alama ya mahali: "mtaro umefika daraja la shule". Watu wanajua umbali wa shule mpaka shambani kwao kuliko wewe na kikokotoo chako.

#9 Mvita 001

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo ni mepesi, unapeleka kila kitu kwa baraza la chifu na limekwisha. Chifu anaita watu, mnasema, mnajaza daftari la mahudhurio. Nyinyi Watanzania mna vikao vingi mno. Si mkutano wa kijiji hukaa kila mwezi? Tumieni huo.

#10 Mzee wa Dispachi

Ndugu yangu wa Mvita, karibu. Inayokaa kila mwezi ni halmashauri ya kijiji, yaani wajumbe 15 hadi 25. Mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote, ni angalau mara moja kila miezi mitatu. Kamati ya maendeleo ya kata nayo ina ratiba yake, na baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka.

Hapa ndipo wahandisi wengi wanapojikwaa. Mwandishi wa uzi kaandika "mkutano, kila mwezi" kana kwamba wananchi wanamsubiri yeye. Mkataba wa miezi 10 una mikutano mikuu mitatu ya kawaida kwa kila kijiji, basi. Vijiji vitatu, fursa tisa. Sasa agiza kila fursa ibebe kitu ambacho hakiwezi kubebwa na SMS.

Wa kwanza: njia ya bomba, mahali pa vituo 22, orodha ya mashamba yanayoguswa. Wa katikati: bei ya ndoo na nani atasimamia chombo cha watumia maji. Wa mwisho: makabidhiano na namna ya kutoa taarifa bomba likipasuka. Habari ya "mtambo umefika" haihitaji kupoteza mkutano mkuu.

Na barua ya kuomba nafasi kwenye ajenda iende kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, siku 14 kabla. Iingie kwenye daftari la dispachi na aliyepokea asaini. Ukimpigia simu mwenyekiti peke yake utajikuta upo chini ya "mengineyo" saa kumi na moja jioni, na watu wameshaanza kuondoka.

#11 Mvita 001

Mzee nimekusikia. Lakini hilo la siku 14 ni sheria ama ni mazoea?

#12 Mzee wa Dispachi

Mazoea mazuri. Mtendaji anahitaji muda wa kubandika tangazo na kupeleka habari vitongojini. Nimeona siku saba zikitosha kijiji kidogo, ila cha vitongoji vinane hazitoshi.

#13 Nyundo Tatu

Nirudi kwa mwandishi. Mimi naamini mshauri karudisha kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni ile "barua/mkutano/WhatsApp" yenye mkwaju katikati. Kwa wananchi unaweza kuchanganya njia. Kwa mkandarasi na mhandisi huwezi.

Kifungu 1.3 cha kitabu chekundu cha 1999 kinataka mawasiliano ya mkataba yawe kwa maandishi, yapelekwe kwa mkono na kusainiwa kupokelewa, au kwa posta au tarishi, au kwa mfumo wa kielektroniki uliokubaliwa na kutajwa kwenye kiambatisho cha zabuni. Kama WhatsApp haimo kwenye kiambatisho, basi taarifa ya dai iliyotumwa kwenye kundi haina miguu. Na dai lenyewe lina siku 28 tangu mkandarasi alipojua tukio au alipopaswa kulijua, kifungu 20.1. Akichelewa, haki ya muda na ya pesa vyote vinapotea.

Sasa fikiria mpango wako umepitishwa na mwajiri ukisema mkandarasi anaweza kutoa taarifa kwa "barua/mkutano/WhatsApp". Siku ya mgogoro ataubeba huo mpango kama ushahidi kwamba mlikubaliana. Mimi ningekuwa mshauri nisingesaini.

#14 Jicho la Tai

Nyundo, uhalisia ni kwamba maagizo yote ya site siku hizi yanapita kwenye kundi. Mhandisi anatuma sauti ya sekunde 40, "sogezeni bomba mita mbili kushoto, kuna jiwe", kazi inaendelea. Ukisubiri barua hamfiki popote.

#15 Nyundo Tatu

Yasogezwe, hakuna anayekataza. Kifungu 3.3 kimelifikiria hilo. Agizo la mdomo linaweza kuthibitishwa na mkandarasi kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na mhandisi asipojibu kwa kukataa au kutoa agizo lingine ndani ya siku mbili za kazi baada ya kupokea, uthibitisho ule unakuwa agizo la maandishi. Kwa hiyo mstari kwenye jedwali usomeke hivi: agizo la mdomo au sauti, kutoka mhandisi kwenda kwa mkandarasi, mkandarasi anathibitisha kwa barua ndani ya siku mbili za kazi, nakala kwa mwajiri. Kundi linabaki kwa picha na kuitana vikaoni.

Ripoti ya mwezi nayo si ya kubuni. Kifungu 4.21, ndani ya siku 7 baada ya mwisho wa kipindi. Usiandike "wiki ya kwanza ya mwezi au itakavyowezekana".

#16 Kalamu ya Bluu

Asanteni, naona mwanga. Swali: kwa wakulima wa njia ya bomba nimepata namba za simu 214. Nataka kutuma SMS kwa pamoja. Nimeandika hivi, kuna kasoro?

"MRADI WA MAJI: Mtaro utafika shambani kwako baada ya siku 10 hivi. Vuna mazao yaliyo kati ya bendera nyekundu. Swali? Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji."

#17 Paka Mweusi

Herufi 152 pamoja na nafasi, upo ndani ya 160. Safi. Lakini usiongeze neno ng'ombe bila kuangalia kibodi yako.

Ukiandika kwenye Word halafu ukanakili, ile alama ya juu inageuzwa yenyewe kuwa ya kujikunja. Alama iliyonyooka imo kwenye herufi za kawaida za SMS, ya kujikunja haimo. Ikiwepo moja tu, ujumbe wote unabadilishwa aina na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wako wa herufi 152 utakatwa vipande vitatu vya 67, utalipia SMS tatu kwa kila mtu, na kwenye simu ndogo za zamani vipande vinaweza kufika vimepinduka. Mtu anasoma "nenda ofisi ya mtendaji" kabla hajajua kwa nini.

Andika kwenye Notepad, au kwenye kisanduku chenyewe cha mfumo, uangalie kihesabio kabla ya kutuma.

#18 Chemchemi Baridi

Na hizo namba 214 ni za nani? Za wanaolima au za wakuu wa kaya? Orodha nyingi za kijiji zina namba ya baba, na baba yupo mjini. Jaribu namba 20 kwa kupiga kabla hujatuma. Zikipokelewa na watu wanaojua shamba liko wapi, endelea. Zisipopokelewa, mjumbe wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba na karatasi ya kusaini. Ni polepole, lakini mashamba yanayoguswa kwa wiki ni machache kuliko unavyodhani.

Kingine, ondoa "siku 10 hivi". Wale wawili hapo juu bado wanagombana kuhusu hizo siku.

#19 Fundi Sanifu

Hatugombani. Mimi niko sahihi.

#20 Nyundo Tatu

😂 Mita 60 kwa siku, kaka. Nitakukumbusha ukigonga mwamba.

#21 Kisima Kirefu

Wote mnaongelea mtaro. Mstari mmoja utakaoleta hatari ya kweli hakuna aliyeutaja: kuua vijidudu kwenye bomba jipya kabla ya kufungulia maji.

Bomba linajazwa maji yenye klorini kali, mara nyingi miligramu 25 hadi 50 kwa lita, yanakaa humo saa 24, halafu yanamwagwa na bomba kusafishwa mpaka harufu ipungue na vipimo vikubali. Katika hizo saa 24 maji yapo kwenye vituo vyote 22. Kijiji kimesubiri maji miaka, mtu akifungua koki yakatoka, atakinga.

Sasa angalia njia za mawasiliano. SMS inamfikia mwenye simu. Tangazo la kanisani linamfikia aliyekwenda kanisani. Anayekuja na ndoo ni mtoto wa miaka tisa baada ya shule, hana simu na hakusikiliza tangazo. Kwa hiyo kwa ujumbe huu njia ni koki yenyewe. Mpini unang'olewa au unafungwa kwa waya, juu yake kibao chenye mchoro wa ndoo iliyokatwa mstari mwekundu. Fundi wa chombo cha watumia maji anahesabu mipini 22 kwenye mfuko kabla pampu ya dawa haijawashwa. Mipini ikiwa 21, dawa haiingii. Huo ndio uthibitisho wa kupokea, hauhitaji saini ya mtu.

SMS, spika ya msikitini, tangazo la shule asubuhi, vyote vifanyike siku moja kabla, ila vihesabiwe kama nyongeza.

#22 Chemchemi Baridi

Hii ndiyo safu inayokosekana kwenye majedwali mengi: tunajuaje kwamba imefika. Kwa barua ni saini ya dispachi, kwa tangazo ni picha ya ubao yenye tarehe, kwa mkutano ni muhtasari na mahudhurio, kwa koki ni mipini. "Taarifa imetumwa" haimaanishi kitu.

#23 Kapu la Mama

Sasa hapo kwenye kibao na spika si ndio uhamasishaji niliosema? Mlinicheka.

#24 Jicho la Tai

Ulisema fulana, dada. Fulana!

#25 Msomi wa Mtandaoni

Sawa, gridi haijawapendeza. Lakini wakubwa nao wanataka kujua. Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi lazima wapewe ripoti kamili kila mwezi, hilo halina mjadala.

#26 Mzee wa Dispachi

Lina mjadala. Ripoti ya mwezi ya kurasa 30 ikienda kwa Mkuu wa Wilaya inaishia kwa katibu wake. Ofisi ile inahitaji ukurasa mmoja, na inauhitaji wakati mahususi: kabla ya ziara, kabla ya kikao cha ushauri cha wilaya, na mambo yakiharibika. Asilimia ya kazi, pesa iliyolipwa, kikwazo kimoja na nani anatakiwa akiondoe.

Halafu kuna mdau ambaye hamjamtaja na atawakuta mmelala. Mwenge wa Uhuru. Unapita kila mwaka, ratiba ya wilaya inajulikana mapema, na mradi wa maji ni chakula chake. Mradi ukipangwa kuwekewa jiwe la msingi au kuzinduliwa, wanasomewa taarifa yenye gharama, idadi ya wanufaika na hatua iliyofikiwa, na nyaraka zinakaguliwa papo hapo.

Aibu inatokea pale bango linaposema wanufaika 8,750, taarifa ya Mkurugenzi inasema 9,400, na mtendaji wa kijiji akiulizwa anataja ya tatu. Hakuna aliyeiba kitu. Mmoja katumia sensa, mwingine makadirio ya usanifu, mwingine daftari la wakazi. Lakini kuelezea hivyo mbele ya umati ni kazi. Dawa ni karatasi moja ya takwimu, ina tarehe na toleo, inatunzwa na mtu mmoja, na kila anayeandika taarifa anachukua humo. Iweke kwenye mpango kama mstari unaojitegemea.

#27 Paka Mweusi

Na kwenye jedwali andika cheo, usiandike jina. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulibadilisha wenyeviti kwenye vijiji vingi, na mipango yenye majina na namba binafsi ikaendelea kutuma ujumbe kwa wenyeviti waliopita. Majina na namba yakae kwenye kiambatisho kinachobadilishwa bila kurudi kwa mshauri kusaini.

#28 Kalamu ya Bluu

Nimejaribu upya. Mistari miwili ya mfano, mnionyeshe:

Mtaro kukaribia shamba. Mpokeaji: anayelima. Afanye: avune ndani ya bendera. Lini: mtaro ukifika alama iliyotajwa (daraja, shule, mnazi mkubwa). Njia: mjumbe wa kitongoji kwa mdomo, kisha SMS. Anayetuma: karani wa site. Uthibitisho: saini au alama ya kidole kwenye orodha ya mashamba.

Kazi kuchelewa zaidi ya siku 14. Mpokeaji: halmashauri za vijiji vitatu. Afanye: kuwaeleza wananchi tarehe mpya. Lini: ndani ya siku 5 tangu mhandisi akubali ratiba mpya. Njia: barua kwa mtendaji, kubandikwa kwenye ubao. Anayetuma: mimi. Uthibitisho: dispachi na picha.

#29 Fundi Sanifu

Mnazi mkubwa Nyanda za Juu Kusini? Labda mkaratusi 😂 Mstari wa kwanza mzuri sana lakini.

#30 Mzee wa Dispachi

Wa pili utakuponza. Habari ya kuchelewa haiendi kijijini kabla Meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na Mkurugenzi hawajaiona. Diwani akiulizwa na wapiga kura jambo asilolijua, utaitwa wewe. Panga hatua mbili: siku ya 1 juu, siku ya 5 chini.

#31 Chemchemi Baridi

Mzee, kwa heshima zote, hiyo "juu kwanza" ndiyo inayofanya kijiji kijue kutoka kwa vibarua. Mkandarasi akiondoa mtambo, jioni hiyo kila mtu ameona. Barua ikikaa mezani wiki mbili kusubiri kibali, kinachosambaa ni kwamba pesa zimeliwa. Ningeandika: wote siku moja, juu kwa simu asubuhi, chini kwa mdomo jioni, barua zifuate.

#32 Mzee wa Dispachi

Mwanangu, ukifanya hivyo simu ya asubuhi isipopokelewa?

#33 Chemchemi Baridi

SMS ya sentensi mbili kwa meneja na kwa Mkurugenzi, saa nne. Saa kumi naenda kijijini. Saa sita zinatosha mtu kunizuia akitaka.

#34 Mzee wa Dispachi

Zinatosha kukuandikia barua ya kujieleza pia.

#35 Nyundo Tatu

Nadhani jibu linategemea nani mwajiri kwenye mkataba na nani kapewa mamlaka ya kusema. Kalamu ya Bluu, kabla ya kuamua kati ya hawa wawili, tazama barua yako ya uteuzi. Kama haijasema unaweza kutoa taarifa nje ya mradi, safu ya "anayetuma" haiwezi kuwa na neno "mimi" kwenye mstari wowote unaokwenda kijijini. Inawezekana ndicho mshauri alichokiona.

#36 Kalamu ya Bluu

Barua yangu inasema "kuratibu". Ngoja nimuulize mshauri kesho kama kuratibu ni pamoja na kusaini. Ya mipini ya koki nimeiingiza kama ilivyo. Kisima Kirefu, kibao cha mchoro unatengeneza kwa nini kisilowane?

#37 Kisima Kirefu

Kipande cha bati cha sentimita 30 kwa 30, rangi ya mafuta, tundu mbili, waya. Kata 25, mbili tatu zitaibwa.